Bomu la Atomiki na Hoja ya Kuzuiana kwa Vitisho: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Bomu lilizaliwa na mlinganyo wa Einstein, na wazo la kuzuiana, yaani kumtisha adui kwa kulipiza ili asishambulie, lilikuja miaka mingi baadaye kutoka kwa wanasiasa.

Mlinganyo wa mwaka 1905 unaonyesha ukubwa wa nishati iliyomo ndani ya maada, lakini hauonyeshi njia ya kuitoa. Njia hiyo ilipatikana Desemba 1938 mjini Berlin, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann walipokuta bariamu, elementi nyepesi zaidi kuliko urani, ndani ya urani iliyopigwa kwa nyutroni. Muda mfupi baadaye, Lise Meitner na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, walieleza kwamba kiini cha atomu kilikuwa kimepasuka. Einstein mwenyewe alitia saini barua ya kumtahadharisha Rais Roosevelt mwezi Agosti 1939, na hakushiriki kuliunda bomu.

Waraka uliogeuza mambo uliandikwa Machi 1940 katika Chuo Kikuu cha Birmingham na Frisch pamoja na Rudolf Peierls, wakimbizi wawili wa utawala wa Hitler ambao hawakuruhusiwa kugusa kazi ya siri ya rada. Kabla yao ilidhaniwa kwamba bomu lingehitaji tani za urani. Wao walijiuliza ingekuwaje kama ingetumika urani 235 peke yake, ambayo ni isotopu, yaani aina adimu ya atomu za urani, wakapata jibu la takriban kilo moja. Makadirio hayo yalikuwa madogo mno, kwani bomu la Hiroshima lilibeba takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa, lakini yalitosha kuonyesha kwamba ndege ingeweza kulibeba bomu la namna hiyo.

Katika waraka huohuo waliandika kwamba silaha hiyo haina kinga, na kwamba kama Ujerumani ingeipata, jibu la maana lingekuwa tishio la kuipiga kwa bomu la aina hiyohiyo. Kwa hiyo ilifaa kuanza kulitengeneza hata kama hakukuwa na nia ya kulitumia kushambulia. Hoja ya kuzuiana, basi, ilikuwapo miaka mitano kabla bomu lenyewe halijalipuliwa.

Dhana: Siri kuu ilikuwa maarifa, na aliyeyapata angeweza kuliunda.

Kizuizi kikubwa kilikuwa malighafi. Urani 235 ni takriban asilimia 0.7 tu ya urani ya asili, na kuitenganisha kulihitaji viwanda vikubwa vya Oak Ridge, Tennessee. Madini yenyewe yalitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ambako mawe bora yalikuwa na takriban asilimia 65 ya oksidi ya urani, kiwango kisicho na mfano katika migodi mingi ya dunia. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi Staten Island, New York, mwaka 1940, na jeshi la Marekani likazikuta hapo lilipozihitaji mwaka 1942. Ni jambo la kusikitisha kwamba jasho la wachimbaji wa Katanga hutajwa kwa nadra sana katika historia hii.

Dhana: Katika Vita Baridi, mwenye mabomu mengi ndiye aliyemzuia mwenzake.

Mwezi Oktoba 1962 Marekani ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 25,000, ilhali Umoja wa Kisovieti ulikuwa na takriban 3,300. Kama wingi ungekuwa ndio kipimo, Rais Kennedy angeyapiga mara moja makombora ya Kisovieti yaliyokuwa Kuba. Lakini Jenerali Maxwell Taylor, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, alimweleza kwamba shambulio la anga lingeharibu, kwa makadirio bora kabisa, asilimia 90 ya makombora yaliyokuwa yamejulikana. Machache yaliyobaki yangeweza kuteketeza miji. Kennedy alichagua kuzuia meli zilizopeleka silaha Kuba, na hatimaye akakubali kwa siri kuyaondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki.

Kilichohesabika, kwa hiyo, ni silaha ambazo zingesalia baada ya nchi kupigwa kwanza. Mabomu yaliyorundikwa kwenye viwanja vichache vya ndege huleta hatari, kwa sababu humtamanisha adui kuwahi, na humfanya mwenye nayo ayatumie mapema asije akayapoteza. Ndiyo maana nyambizi USS George Washington, iliyoanza doria mwishoni mwa mwaka 1960 ikiwa na makombora 16 ya nyuklia aina ya Polaris, ilikuwa na uzito mkubwa kuliko idadi hiyo: adui hakujua ilipo, hivyo hakuweza kuizuia isilipize.

Hoja hiyo ndiyo inayoeleza mkataba wa mwaka 1972, ambao wengi huuona wa ajabu, ambamo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kuwekea mipaka mifumo ya kutungua makombora. Kila upande uliruhusiwa maeneo mawili tu ya kinga, na mwaka 1974 yakapunguzwa kuwa moja. Upande ambao ungeamini kwamba unaweza kutungua makombora machache yaliyomsalia adui ungeweza pia kushawishika kupiga kwanza, na yule mwingine, kwa kuliogopa hilo, angeongeza makombora yake.