Matone ya sikio yamezidisha muwasho

Daktari, naishi Tanga. Sikio la kulia linaniwasha wiki ya tatu sasa. Duka la dawa walinipa matone ya siprofloksasini, nimeweka siku kumi, muwasho umezidi na sikio limeziba. Niongeze dozi?

Hapana, acha hayo matone. Unavyoeleza, inaelekea una fangasi wa sikio, na siprofloksasini huua bakteria tu. Ndani ya tundu la sikio bakteria wa kawaida na fangasi hugombea nafasi. Ukiwaondoa bakteria, fangasi anabaki peke yake, tena kwenye unyevu unaomwongezea kila unapodondosha dawa. Kama dawa ya kwenye chupa imechanganywa na deksamethasoni, ambayo hutuliza uvimbe, muwasho hutulia siku mbili tatu, kumbe kinga ya ngozi imepunguzwa na fangasi anazidi kuota.

Akiangalia kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia ndani ya sikio, mhudumu wa afya huona uchafu wa kijivu kama gazeti lililolowa, wenye vidoa vyeusi. Huyo ni fangasi aitwaye aspagilasi. Ukiwa mweupe mzito kama mtindi, mara nyingi ni fangasi mwingine, kandida.

Dawa yake ni matone ya klotrimazoli ya asilimia 1, lakini uchafu utolewe kwanza, maana dawa ikidondokea juu yake haifiki kwenye ngozi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, halafu wanailaumu dawa. Mhudumu pia atazame kama ngoma ya sikio imetoboka, kwa sababu ikiwa na tundu matone mengine huchoma na hayafai.

Kwa kawaida ni matone 3 hadi 4, mara 2 au 3 kwa siku. Shika chupa kiganjani ipate joto, la sivyo utasikia kizunguzungu. Lala upande sikio likiwa juu, dondosha, bonyeza taratibu kile kinundu cha mbele ya tundu, ukae hivyo dakika 5. Muwasho ukiisha, endelea wiki 2 zaidi, kwani mabaki ya fangasi huota upya.

Je, nisafishe mwenyewe kwa pamba za vijiti?

Usifanye hivyo. Kijiti husukuma uchafu ndani na kukwaruza ngozi, na kwenye mkwaruzo ndipo fangasi anaposhika. Maji usiyapige kwa bomba ndani ya sikio wala usiyamwagie humo. Nyumbani, sokota pamba safi iwe kama utambi, ingiza ncha yake tu mlangoni inyonye majimaji, itupe, chukua nyingine hadi itoke kavu. Kilichoganda ndani mwachie mhudumu, atakitoa kwa mashine ya kunyonya, pengine zaidi ya mara moja. Wakati wa kuoga ziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini. Baharini usizame kwanza, najua kwa mtu wa Tanga ni adhabu.

Kama una kisukari na maumivu yanakunyima usingizi, au uso umelegea upande mmoja, nenda hospitali leo hii.