Pesa Yako Mwenyewe Nayo Ina Riba

Nimeisikia tena, mara hii kutoka kwa mwenye karakana ya sweta za shule kule Kariobangi, Nairobi: "Mwalimu, mambo ya riba waambie wenye mikopo. Mimi nanunua mashine kwa pesa yangu." Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Nimechoka kuijibu nikiwa nimesimama, kwa hiyo leo naiandika.

Tushike karakana hiyohiyo, kwa tarakimu rahisi nilizojipangia. Mashine moja ya kufuma ni shilingi 100,000. Kwa mwaka inachakaa 15%, na bei ya mashine sokoni hupanda 5%. Ukishatoa uzi, umeme na ujira, mashine ya nne inamwongezea mwenyewe 31,000 kwa mwaka, ya tano 23,000, ya sita 19,000, ya saba 12,000. Zao la pembezoni, yaani kile kinachoongezwa na mashine moja zaidi, linashuka kwa sababu oda za shule ni zilezile, na mashine ya saba hushinda kimya tangu Machi hadi msimu wa Januari unapokaribia.

Sasa gharama ya kuitumia:

```
uc = p(i - g + d)
```

Hapo uc ni gharama ya kuitumia mashine moja kwa mwaka, p ni bei ya mashine, i ni riba, g ni kasi ya kupanda kwa bei yake, d ni uchakavu. Unaongeza mashine mradi zao la ile inayofuata halipungui uc. Basi.

Ugomvi wangu uko kwenye i. Mwenye karakana anadhani kwake ni sufuri, kwa kuwa hakuna benki inayomdai. Lakini hiyo 100,000 isingelala chini ya godoro. Katikati ya 2024, dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu 16%. Weka 16% kwenye hesabu, acha kodi kando: 16 toa 5 ongeza 15 ni 26, yaani shilingi 26,000 kwa mwaka. Mashine ya nne inapita, ya tano haipiti. Akiinunua ya tano kwa pesa yake, anaipa serikali kisogo ili apate 23,000 kutoka kwa kitu kinachomgharimu 26,000. Hasara ni 3,000, ila haina risiti, ndiyo maana haioni.

Mwaka mmoja baadaye dhamana hizohizo zilikuwa zimeshuka hadi karibu 8%. Gharama inakuwa 8 toa 5 ongeza 15, shilingi 18,000. Ya tano inapita, na ya sita nayo. Mtaji anaoutaka umetoka mashine nne hadi sita, na hajakopa hata senti.

Kuna mahali mzee huyu ana nusu ya ukweli, na vitabu huteleza hapo kwa kuweka riba moja kwa wote. Nairobi riba ya mkopo na ile unayolipwa ukiweka akiba haziko mtaa mmoja. Jirani yake anayekopa kwa 18%, mwaka huohuo wa dhamana za 8%, ana gharama ya 28,000, kwa hiyo anasimama kwenye mashine ya nne. Wawili wenye oda sawa na mafundi sawa, mmoja anataka sita, mwingine nne. Kwa hiyo kweli, mwenye pesa yake anakabiliwa na riba tofauti. Tofauti, si sufuri, jamani.

Jambo la pili nitalipitia haraka. Riba huamua idadi ya mashine, haiamui manunuzi ya kila mwaka. Mwaka wa kupanda kutoka nne hadi sita, ananunua mbili pamoja na za kufidia uchakavu. Mwaka unaofuata, riba ikibaki 8%, anafidia tu: 15% ya sita, kama mashine moja hivi. Anayeuza mashine atalalamika kwamba riba iko chini na wateja wamepotea. Hakuna kilichoharibika.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Hesabu hii, ambayo mchumi Dale Jorgenson aliijenga mwaka 1963, inachukulia kwamba mashine ikizidi unaiuza bila taabu. Jaribu mwezi wa Mei kuuza mashine ya kufuma iliyotumika, uone utapewa ngapi. Anayejua hilo husubiri hata hesabu ikimruhusu, na pengine ndiyo sababu takwimu za uwekezaji mara nyingi huonyesha mauzo yakiusukuma kuliko riba. Tena zile 19,000 za mashine ya sita ni za mwaka ujao. Shule moja ikihamia kwa fundi mwingine, zinakuwa 10,000, na hapo hata dhamana zikilipa 3% ya sita haimlipi.