Je, wajua kwa nini nikeli hubadili rangi ikibadilishiwa majirani?

"Nikeli ni ileile. Mbona kwenye maji ni kijani, nikimimina amonia inakuwa bluu, na ethilinidiamini inaigeuza zambarau? Sehemu ya nadharia niandike nini?" Swali la mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma.

Anza na majirani. Ioni ya nikeli ndani ya maji haikai peke yake: molekuli sita za maji huizunguka, moja kila upande, juu na chini. Hao ndio ligandi. Obitali mbili kati ya tano za d zinawaelekea moja kwa moja, hivyo elektroni zake husukumwa na nishati yake hupanda. Tatu nyingine hupita katikati ya ligandi, zikabaki chini. Pengo hilo huitwa Δ, na mwanga wenye nishati inayofaa humezwa ili kupandisha elektroni.

Maji husukuma kwa upole. Nitrojeni ya amonia hutoa jozi yake ya elektroni kwa nguvu zaidi, na ethilinidiamini, inayoshika nikeli kwa mikono miwili, hupita kidogo hapo. Kupanga ligandi hivi kwa ukubwa wa pengo ndiko Mjapani Ryutaro Tsuchida alikokuja nako mwaka 1938: mfululizo wa spektrokemia.

Sasa rangi. [Ni(H2O)6]2+ humeza nyekundu karibu na nanomita 720 na urujuani karibu na 395, kijani ikapita katikati. (Jiwe la krisopresi linalochimbwa Haneti, hapa mkoani, nalo ni kijani kwa sababu ya nikeli.) Ukiweka amonia, pengo hupanuka na kudai nishati kubwa zaidi, hivyo mkanda wa 720, yaani eneo lile linalomezwa, husogea hadi karibu 570, na ule wa 395 hutoka nje ya macho yetu, hadi 355. Bluu na urujuani zinapita. Kwa ethilinidiamini mkanda huohuo wa 720 hufika karibu 545, yaani kijani chenyewe, na kinachobaki ni rangi ya zabibu iliyoiva.

Amonia iwe ya kutosha. Ukiweka kidogo utapata mashapo ya kijani hafifu, hidroksidi ya nikeli. Ongeza mpaka yayeyuke yote, la sivyo spektra itapanda juu yote kwa sababu chembe zinatawanya mwanga.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye ripoti ni hili: spektrofotometa inasoma 400 hadi 800 tu, mwanafunzi anauona mkanda wa 720, anauita Δ. Siyo. Kwa nikeli yenye ligandi sita, Δ ni mkanda wa kwanza, wenye nishati ndogo kuliko yote, na kwa maji uko karibu nanomita 1,180, sawa na 8,500 cm⁻¹. Mkanda wa kati, ule wa 720, ni takriban 13,800. Kwa amonia ni 10,750 na 17,500. Gawanya, utapata kama 1.6 kote kuwili. Kwa hiyo kama mashine yako haifiki huko, gawa mkanda wa kati kwa 1.6, na uandike wazi kwamba Δ hiyo umekadiria.