Bei Itajwe Lini kwa Mteja wa Majaribio

"Mteja wa majaribio si anaombwa kulipa siku ya mwisho?"

Hapana, kalenda haijui kama ameshaona faida. Chukua programu ya simu ya kutunza madeni, majaribio ya bure siku 14. Mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa ameingiza wadaiwa wake, akatuma ujumbe wa kukumbusha, mmoja akalipa. Hapo hapo mwonyeshe bei, hata kama ni siku ya 4. Aliyejisajili bila kuandika mdaiwa hata mmoja usimtajie hela. Mpigie, andika naye mdaiwa wa kwanza, ikibidi mwongezee siku.

Tukio linaloonyesha kuwa mteja ameona faida usilibuni kichwani, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Linganisha waliolipa na walioondoka: wiki ya kwanza walitofautiana kwa lipi? Kisha jaribu kutaja bei kwenye tukio hilo kwa nusu ya wateja wapya tu, uone kama kweli wanalipa zaidi ya nusu nyingine.