EST si saa za New York mwezi wa Julai

Nimeambiwa tena juzi, na mtu anayepanga mikutano kila wiki: "Nairobi na New York tunapishana saa nane, wewe jumlisha tu." Kazi yangu ni kuwapangia wakalimani mikutano ya mtandaoni, na sentensi hiyo imeshanigharimu wakalimani waliofika ukumbini watu wakiagana. Ni kweli kwa takriban miezi minne ya mwaka. Miezi minane iliyobaki si kweli.

EST, saa za kawaida za mashariki mwa Marekani, ni UTC-5, yaani saa tano nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Sisi tunaotumia EAT, saa za Afrika Mashariki, tuko UTC+3, kwa hiyo zile saa nane zinatoka hapo. Lakini New York haikai kwenye EST mwaka mzima. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, wanaingia EDT, saa zao za kiangazi, yaani UTC-4, na wanabaki huko mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Muda wote huo tunapishana saa saba.

Tatizo ni kwamba Wamarekani wenyewe huandika EST hata wakiwa kwenye EDT. Wameizoea, na wenzao wa mjini wanawaelewa kwa sababu wote wanatazama saa moja ile ile. Anayeumia ni msomaji wa mbali aliyeamua kuwa makini. Chukua mwaliko wa tarehe 15 Julai 2025 ulioandikwa 10:00 AM EST. Mtu wa Dar es Salaam anayeziheshimu herufi anajumlisha nane, anapata 18:00, saa 12 jioni. Mwandishi alikusudia saa nne asubuhi ya New York, ambayo siku hiyo ni 17:00 kwetu, saa 11 jioni. Mkutano wa saa nzima umekwisha kabla hajabonyeza kiungo.

Mwenye kompyuta ya Linux ajionee mwenyewe:

```
TZ=Africa/Nairobi date -d '2025-07-15 10:00 EST'
TZ=Africa/Nairobi date -d 'TZ="America/New_York" 2025-07-15 10:00'
```

Ya kwanza inajibu 18:00, ya pili 17:00. Kompyuta haijakosea popote. Kwenye mstari wa kwanza umeiambia UTC-5 na imekutii. Kwenye wa pili umeitajia mji, nayo ikaenda kuangalia mji huo siku hiyo uko wapi. Ndiyo maana nasisitiza mji, mpaka watu wanachoka na mimi. Kwenye kalenda chagua New York, usichague EST hata kama imo kwenye orodha.

Basi kuna wanaoniambia, "Sawa, kuanzia leo kila EST ya Julai nitaisoma kama EDT." Hapana! Jamaika na Panama ziko UTC-5 mwaka mzima na hazisogezi saa. Mtu wa Kingston akikuandikia EST mwezi wa Julai, ameandika sawasawa, na ukimsahihisha kimoyomoyo utaingia saa nzima kabla yake. Kwa herufi peke yake mimi siwezi kujua aliyeandika alikusudia nini, na simwamini anayedai anajua. Huwa naandika swali la mstari mmoja: "Ni saa nne asubuhi ya mji gani?" Halafu namrudishia jibu kwa saa za Nairobi ili athibitishe.

Vifupisho vingine vya saa vina ugonjwa huo huo, navipitia haraka. CST ni Chicago na pia ni China, na kati yao kuna saa 14. IST ni India, ni Israeli, ni Ayalandi. Hakuna mamlaka ya dunia inayozuia herufi kutumiwa mara mbili.

AM na PM zingekuwa salama isipokuwa kwenye 12. Saa sita mchana huandikwa 12:00 PM na saa sita usiku 12:00 AM, lakini hayo ni mazoea tu, maana saa sita mchana kamili si kabla ya adhuhuri wala si baada yake. Mchana watu wanaukisia. Usiku ndio unaowaangusha. Mwisho wa kutuma maombi ukiwa "Friday 12:00 AM", hiyo ni dakika ya kwanza ya Ijumaa, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anayesoma "Ijumaa saa sita usiku" anashinda Ijumaa kutwa akimalizia fomu iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo kwenye matangazo ninayoyaandika mimi 12:00 AM haimo: naweka 11:59 PM, siku, tarehe, na jina la mji, na kwa wasomaji wetu naongeza "usiku wa kuamkia" siku gani.