Kifungu cha fidia katika mkataba wa huduma: mteja akizembea, nani analipa?

Karibu kila mkataba wa huduma unaoandaliwa na mteja mkubwa hapa Uganda una kifungu, mara nyingi kurasa za mwisho, kinachosema hivi au karibu na hivi: "Mtoa huduma atamlinda na kumfidia mteja dhidi ya madai, hasara, gharama na dhima yoyote ile inayotokana na utekelezaji wa mkataba huu." Fundi wa jenereta hukitia sahihi, kampuni ya ulinzi hukitia sahihi, hata wakala wa forodha pale Malaba. Wengi hawakisomi mara ya pili, kwa kuwa wanachotafuta ni bei na tarehe ya malipo.

Hicho ndicho kifungu cha fidia. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inautambua mkataba wa aina hii: mtu mmoja anaahidi kumwokoa mwenzake na hasara itakayoletwa na mwenendo wa yule aliyeahidi au wa mtu mwingine. Nguvu yake ni kwamba anayedai fidia halazimiki kwanza kuonyesha kuwa umevunja mkataba. Inatosha aonyeshe kwamba hasara imetokea na kwamba iko ndani ya maneno ya ahadi yako. Ndiyo maana kesi za vifungu hivi hazigombaniwi sana kwenye matukio. Zinagombaniwa kwenye maneno. Na swali gumu kuliko yote ni hili: maneno "yoyote ile" yanafika hadi kwenye hasara iliyosababishwa na uzembe wa mteja mwenyewe?

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Kampuni ndogo ya mafundi umeme imepewa kazi ya kuhudumia jenereta na swichi za ghala la samaki lenye vyumba vya baridi, karibu na Port Bell. Imesaini kifungu nilichokiandika pale juu, neno kwa neno. Siku ya kazi fundi anazima swichi kuu, anatundika kibao cha onyo, anafungua kabati la umeme na kuanza kukaza nyaya. Msimamizi wa ghala, mwajiriwa wa mteja, anaona joto la vyumba linapanda. Bila kumuuliza mtu anaondoa kibao na kuwasha swichi. Fundi anaungua mikono yote miwili.

Kwa mwajiri wake, fundi ana haki ya malipo chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi bila kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Hiyo ni njia yake ya kwanza, na haimzuii kumshtaki mwenye ghala kwa uzembe. Tuseme anamshtaki, anashinda, na mahakama inampa shilingi milioni 80. Hapo mwenye ghala anachomoa mkataba na kusema: madai haya yametokana na utekelezaji wa mkataba, mafundi waliahidi kubeba madai yoyote yale, basi walipe wao.

Ukisoma kwa haraka, mteja anaonekana ana haki. Neno "yoyote" linaonekana halibakishi kitu. Lakini mahakama zinazofuata sheria ya kawaida ya Kiingereza hazisomi hivyo, na Uganda ni mojawapo, kwani Sheria ya Mahakama inaielekeza Mahakama Kuu kutumia sheria ya kawaida na kanuni za usawa pale sheria zilizoandikwa zilipo kimya. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wa Kampala, ila zina uzito na hurejewa mara nyingi.

Hukumu mama ilitolewa mwaka 1952 na Baraza la Faragha, mahakama ya London iliyosikiliza rufaa za mwisho kutoka nchi za himaya ya Uingereza, katika shauri la Canada Steamship Lines dhidi ya Mfalme, yaani serikali ya Kanada. Kampuni ya meli ilikuwa imepanga banda la serikali la kuhifadhia mizigo huko Montreal. Serikali ilikuwa na wajibu wa kulitunza banda hilo. Mwezi Mei 1944 mfanyakazi wa serikali alikuwa akitengeneza milango kwa mwali wa oksijeni na asetilini, ilhali angeweza kutumia kekee ya mkono. Cheche zikaruka, zikashika marobota ya pamba, na banda likateketea na mali za watu. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachomkinga mwenye banda na kingine cha fidia kilichomtaka mpangaji abebe madai yote. Serikali ilishindwa kwa vyote viwili.

Katika hukumu hiyo jaji Lord Morton aliweka maswali matatu ambayo wanasheria wanayatumia hadi leo. Kwanza, je, kifungu kinataja wazi uzembe wa anayelindwa, au kwa neno jingine lenye maana hiyo hiyo? Kama ndiyo, mjadala umekwisha na kifungu kinafanya kazi. Kama hapana, je, maneno yake ya kawaida ni mapana kiasi cha kuweza kuubeba uzembe? Yakiwa na utata, utata unamwangukia anayetaka kinga. Yakiwa mapana, bado kuna swali la tatu: je, kuna dhima nyingine isiyo ya uzembe, ya kweli na si ya kuwaza tu, ambayo kifungu kingeweza kuilenga? Ikiwepo, mahakama huchukua kwamba kifungu kiliilenga hiyo, na uzembe unabaki nje.

Swali la tatu ndilo linalowashangaza watu, kwa sababu linaonekana kumwadhibu mteja kwa kuandika maneno mapana. Sababu yake ni ya akili ya kawaida. Ni vigumu kuamini kwamba mtu mwenye kazi ya shilingi milioni chache alikubali kwa hiari kuwa bima ya uzembe wa mtu asiyemsimamia, asiyeweza kumfukuza kazi wala kumfundisha. Alikubali pengine, lakini akikubali jambo zito namna hiyo tunategemea liandikwe waziwazi.

Turudi ghalani tuulize maswali hayo. Neno "uzembe" halimo katika kifungu. "Madai yoyote" ni maneno mapana, kwa hiyo mteja anavuka swali la pili. Anakwama kwenye la tatu. Mafundi wakimwaga dizeli ikatiririka hadi kwenye kiwanja cha jirani, jirani anaweza kumshtaki mwenye ghala kwa kero bila kugusa uzembe wa mwenye ghala. Fundi akimjeruhi dereva aliyekuja kupakia samaki, dereva huenda akamdai mwenye ghala kwa kosa ambalo ni la fundi. Hayo ni madai ya kweli, yanayotokea, na kifungu kinayafunika vizuri. Kwa kuwa kina kazi hiyo ya kufanya, hakuna haja ya kukinyoosha kifike kwenye kosa la msimamizi aliyewasha swichi. Mteja analipa milioni 80 zake, na gharama za wakili wake pia.

Shauri lililo karibu kabisa na mfano huu ni la Smith dhidi ya South Wales Switchgear, lililoamuliwa mnamo 1977 na Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Fundi wa umeme aliumia akiwa anahudumia mitambo ya kiwanda cha mteja, mteja akaonekana kuwa mzembe, na akataka kampuni ya mafundi imfidie kwa kifungu kilichojaa maneno ya "yoyote ile". Malodi walikataa. Walisema "yoyote ile" si sawa na kutaja uzembe.

Maswali haya ni mwongozo, si mashine ya kusaga. Mwaka 2003 Malodi walikumbusha, katika shauri la bima la HIH dhidi ya Chase Manhattan, kwamba kazi ya mahakama ni kutafuta walichokusudia wahusika katika mkataba mzima. Na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Persimmon dhidi ya Ove Arup, ilisema kwamba mwongozo huo, kwa kadiri ulivyobaki hai, sasa unahusu zaidi vifungu vya fidia kuliko vifungu vya kujiondolea dhima. Kwangu hilo ni la haki. Kukubali kutomdai mwenzako ni kubeba hasara yako mwenyewe. Kukubali kumlipia ni kubeba yake.

Matokeo yanabadilika pande zote mbili zikiwa na kosa. Tuseme kampuni ya mafundi ilipaswa kumpa fundi kufuli ya kufungia swichi na haikumpa, na jaji anaona sehemu yake ya kosa ni asilimia 25. Aliyeumia anaweza kudai milioni 80 zote kwa mwenye ghala, kisha mwenye ghala akarudi kwa kampuni kudai milioni 20. Hizo anazipata chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Masharti Mbalimbali, inayoruhusu wakosaji kuchangiana, hata kama mkataba usingekuwa na kifungu chochote. Kwa milioni 60 zilizobaki bado angehitaji maneno ya wazi.

Sasa badilisha kipande kimoja tu. Kifungu kiseme: "…ikiwa ni pamoja na madai yanayotokana na uzembe wa mteja au wafanyakazi wake." Swali la kwanza limejibiwa na kampuni inaweza kujikuta inalipa milioni 80 zote. Uganda haina sheria ya jumla kama ile ya Uingereza ya 1977 inayozuia masharti ya mkataba yasiyo ya haki, kwa hiyo usitegemee jaji akuokoe na ulichokisaini kwa macho yako. Na kuna shimo la pili: bima nyingi za dhima kwa umma hazifuniki dhima uliyojitwika kwa mkataba tu, ambayo bila mkataba usingekuwa nayo. Mtoa huduma anaweza kuwa na bima, ajali ikatokea, na bima ikakataa kulipa.

Kwa hiyo unapopewa mkataba, tafuta kwanza neno "uzembe" lilipo na ni la nani. Likiwa la mteja, omba lifutwe, au kifungu kibanwe kiseme "kwa kadiri hasara ilivyosababishwa na kosa la mtoa huduma au wafanyakazi wake", na kiwe na kikomo cha fedha kinacholingana na bima yako. Mteja mwenye nia njema hupata shida kukataa maneno hayo, maana yanamlinda pale hasa anapostahili kulindwa.

Na kesi ikishafika, usikae kimya kwa kuamini kwamba kifungu hakikuhusu. Mteja aliyeshtakiwa huomba ruhusa ya mahakama kukuingiza kama mtu wa tatu chini ya Amri ya 1, kanuni ya 14 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai. Ukipokea notisi hiyo na usiwasilishe majibu kwa muda ulioandikwa humo, unachukuliwa kuwa umekubali hukumu itakayotolewa dhidi ya mteja na wajibu wako wa kumfidia. Hoja zote za 1952 hazitasomwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyezileta mbele ya jaji.