"Walimu waongeze juhudi" si azimio: muhtasari wa kikao cha kuchambua matokeo ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, kwa kawaida mwezi Januari, shule huitisha kikao cha walimu cha kuyachambua. Sisi wathibiti ubora tukifika shuleni miezi miwili baadaye, tunaomba faili la mihtasari, na mara nyingi tunakuta maneno haya: "Wajumbe walijadili matokeo ya Hisabati kwa kina. Iliazimiwa walimu waongeze juhudi." Hakuna awezaye kulifuatilia azimio la namna hiyo. Nani aongeze juhudi? Kwa darasa lipi? Kufikia lini, na itajulikanaje kwamba ameongeza?

Kazi ya katibu huanza kabla ya kikao. Akae na mwalimu wa taaluma, wafungue ukurasa wa shule kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, na wanakili takwimu za kila somo. Waandike pia tarehe waliyozichukua, kwa sababu matokeo yaliyozuiliwa yanaweza kuachiwa baadaye na jumla zikabadilika.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi: GPA ya somo. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, kwa hiyo GPA ikikaribia 1 ni nzuri na ikikaribia 5 ni mbaya. Nimewahi kusoma muhtasari uliowapongeza walimu wa somo kwa kuwa GPA "imepanda", kumbe ufaulu ulikuwa umeshuka. Katibu aandike waziwazi "ufaulu umeshuka", kisha ndipo aweke namba.

Tuchukulie shule yenye watahiniwa 60 wa Hisabati: A hakuna, B 1, C 5, D 9, F 45. Pointi zao ni 2 + 15 + 36 + 225, yaani 278. Ukigawanya kwa 60 unapata 4.63. Mwaka uliotangulia ilikuwa 4.41. Hizo namba ndizo zinazofungua ajenda.

Mjadala ukianza, maneno huwa mengi. Mmoja atasema wanafunzi ni wavivu, mwingine atasema wamekuja hawajui hesabu tangu msingi. Katibu hana haja ya kuandika kila lililosemwa, wala nani alimlaumu nani. Aandike sababu zilizotajwa, na mbele ya kila sababu aonyeshe ushahidi uliotolewa. Katika mfano wetu, mwalimu wa taaluma alifungua logibuku ya somo, ikaonekana kwamba mada za Vekta na Matriksi hazikuwa zimefundishwa hadi mtihani wa utamirifu ulipofanyika. Hiyo ni sababu yenye ushahidi. Uvivu wa wanafunzi uandikwe kuwa maoni ya wajumbe.

Ieleweke pia kwamba ukurasa wa matokeo unaonyesha madaraja tu. Hauonyeshi mada iliyowaangusha wanafunzi. Anayetaka kujua makosa ya kawaida ya watahiniwa asome taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambayo Baraza hutoa kwa kila somo, ailinganishe na karatasi za mitihani ya ndani.

Sasa azimio. Waliofanya mtihani wameshaondoka, na jambo hili husahaulika kuliko yote. Azimio lazima limguse mwanafunzi aliyepo leo. Mwenyekiti akisema, "Basi tumekubaliana," katibu asione haya kuuliza: "Naomba niandike nani atatekeleza, na mwisho lini?" Kisha asome alichoandika kwa sauti kabla ya kuhamia ajenda nyingine. Azimio letu lingesomeka hivi:

"3.2 Mwalimu wa Hisabati wa kidato cha nne akamilishe mada za Vekta na Matriksi ifikapo Aprili 30. Kuanzia wiki ya pili ya Februari atoe jaribio la dakika 40 kila Ijumaa, na alama zimfikie mwalimu wa taaluma kila Jumatano inayofuata. Mkuu wa idara akague logibuku kila mwisho wa mwezi na kusaini."

Maazimio ya namna hii yasizidi matano au sita. Nimeona kikao kikitoa maazimio 23. Walimu hawakukumbuka hata manne. Rasimu iandikwe siku ileile au kesho yake, wakati sauti za kikao bado zimo masikioni, na kila aliyepangiwa kazi apewe nakala ya azimio lake bila kusubiri kikao kijacho kuthibitisha muhtasari.

Kikao hicho kijacho, kwenye yatokanayo, katibu asiandike "linaendelea". Aandike: "3.2: Majaribio 6 kati ya 8 yamefanyika. Mawili hayakufanyika kwa sababu mwalimu alikuwa kwenye semina. Mada ya Vekta imekamilika, Matriksi bado. Tarehe ya mwisho inabaki Aprili 30."